Biashara yako ikikua, hakikisha faida pia inakua

ACHA tuanze na swali ambalo vijana wengi wa Ruiru, Juja na Thika hawapendi kuulizwa. Mwaka jana ulikuwa na duka moja na wafanyakazi watatu. Mwaka huu una maduka mawili, gari lenye jina lako ubavuni na watu kumi na tisa wanaokuita bosi. Je, mfukoni unabaki na pesa zaidi kuliko mwaka jana?

Ukinyamaza kidogo kabla ya kujibu, makala hii ni yako.

Tangu Thika Superhighway ikamilike 2012, barabara hii imejaa biashara za vijana. Soko lipo, hilo halina ubishi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika. Kwa hivyo ushauri unaosikika kila base ni mmoja tu: panua, ongeza tawi, songa Thika, songa Githurai. Sisi tunasema ngoja kwanza. Kuna kukua kunakopunguza gharama na kuna kukua kunakoiongeza, na mara nyingi yote mawili hutokea ndani ya biashara moja, mwaka mmoja. Asiyejua kuyatofautisha anaweza kufanya kazi mara mbili apate nusu.

Hatutaki kuongea hewani, kwa hivyo tuchukue bekari. Hii ni bekari ya mfano na nambari zake ni za mfano pia, lakini yeyote aliyewahi kuoka mkate wa kuuza atazitambua.

Mfuko mmoja wa unga, mikate 180

Dada mmoja anaoka mikate ya gramu 400 karibu na Kihunguro, Ruiru. Mfuko wa unga wa kilo 50 humpa mikate kama 180. Anaoka mifuko miwili kwa siku, yaani mikate 360. Kazini wako wanne: yeye mwenyewe, mwokaji, msaidizi na kijana wa bodaboda anayesambaza.

Kila mkate unakula shilingi 32 za unga, sukari, mafuta, hamira na karatasi ya kufungia. Gharama hiyo inafuata idadi ya mikate: ukioka mmoja unalipa 32, ukioka mia unalipa 3,200. Lakini kuna gharama nyingine zisizojali sana idadi. Kodi ya chumba ni 1,000 kwa siku, mishahara 3,200 (pamoja na wake), moto wa oveni 1,500 na bodaboda 800. Jumla ni 6,500. Ukigawanya kwa mikate 360, kila mkate unabeba shilingi 18. Mkate mmoja basi unamgharimu 50. Anawauzia wenye maduka kwa 55, kwa hivyo anabaki na shilingi tano kwa mkate, kama 1,800 kwa siku.

Sasa anapata oda zaidi Kimbo na Membley. Anapanda hadi mifuko minne, mikate 720, kwa oveni ile ile. Angalia kinachotokea.

Kodi haipandi hata ndururu. Moto unapanda kutoka 1,500 hadi 2,000 tu, kwa sababu kazi kubwa ya moto ni kuipasha oveni iliyolala baridi usiku kucha. Ikishapata joto, trei ya pili na ya tatu zinaiva kwa kuni chache. Wafanyakazi wanaongezeka wawili, mishahara inafika 4,800. Usambazaji unakuwa 1,200. Jumla ni 9,000, na ukigawanya kwa 720, kila mkate unabeba 12.50 badala ya 18. Juu ya hayo, sasa ananunua unga mwingi kwa mara moja moja kwa moja kutoka kwa wasagaji, anapunguziwa bei, na viungo vya mkate mmoja vinashuka hadi shilingi 30.

Mkate uliokuwa ukimgharimu 50 sasa unamgharimu 42.50. Bei ya kuuzia haijabadilika. Faida yake imetoka 1,800 hadi 9,000 kwa siku. Ameongeza mikate mara mbili, faida imeongezeka mara tano.

Hii ndiyo nafuu ya ukubwa, na hakuna uchawi ndani yake. Vitu fulani, kama oveni, chumba na safari ya kwenda kununua unga, hulipiwa karibu sawa uvitumie kidogo au sana. Viwanda vikubwa vinaishi kwa kanuni hiyo hiyo. Bidco ya pale Thika hutengeneza mafuta ya kula, na mafuta hukaa kwenye matangi. Tangi lenye umbo lile lile likichukua mafuta mara mbili, bati lake haliongezeki mara mbili. Linaongezeka kama mara 1.6 tu, kwa sababu ujazo hukua haraka kuliko ngozi inayoufunika. Lita ya mafuta kwenye tangi kubwa imebebwa na chuma kidogo kuliko lita kwenye tangi dogo. Ndiyo maana mtu mwenye kinu kidogo cha alizeti hawezi kushindana na kiwanda kwa bei peke yake.

Halafu akaenda Thika

Dada yetu amenona. Faida ya 9,000 kwa siku si mchezo. Marafiki wanamwambia, kama Ruiru imelipa hivi, Thika italipa hivyo hivyo mara mbili. Anakodi nafasi upande wa Makongeni, ananunua oveni ya pili na gari dogo, anaajiri. Sasa anaoka mifuko kumi kwa siku, mikate 1,800, sehemu mbili. Wafanyakazi ni 16 pamoja naye, halafu wasimamizi wawili, mmoja kila bekari, na karani mmoja wa hesabu. Jumla watu 19.

Viungo vimeshuka tena kidogo, shilingi 29 kwa mkate, maana ananunua unga mwingi zaidi. Hiyo ni habari njema, lakini tuendelee. Kodi za sehemu mbili ni 2,500. Mishahara, ukijumlisha wasimamizi na karani, ni 17,000. Moto wa oveni mbili ni 5,000, kwa sababu kila asubuhi zinapashwa oveni mbili baridi na hakuna iliyojaa. Gari, mafuta yake na fundi wake ni 6,000. Jumla ni 30,500. Kila mkate unabeba karibu 17, kutoka 12.50.

Hapo bado hajapoteza kitu, maana 29 na 17 ni 46, na anauza 55. Tatizo liko kwenye mikate inayorudi.

Alipokuwa Ruiru peke yake, alijua kila duka. Alipiga simu jioni, akauliza mama wa kioski anataka ngapi kesho, akaoka hizo hizo. Mikate ya kurudi ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Sasa gari linatoka na mikate mamia kwenda Juja na Thika, na idadi imekadiriwa na msimamizi ambaye amekadiriwa na dereva. Wanafunzi wa JKUAT wanafunga muhula, Gachororo inabaki tupu, lakini bekari inaendelea kuoka kama vyumba vimejaa. Dereva alijua Ijumaa. Msimamizi akaambiwa Jumatatu. Mdosi akajua Alhamisi, alipoona mikate imerundikana stoo.

Tuseme mmoja kati ya kila kumi unarudi. Ni mikate 180 kwa siku, yaani mfuko mzima wa unga. Anaiuza kwa mfugaji wa nguruwe kwa shilingi kumi kumi. Piga hesabu sasa. Gharama ya kuoka mikate 1,800 ni 82,700. Amewauzia wenye maduka 1,620 kwa 55, akapata 89,100. Ongeza 1,800 za nguruwe. Faida ni 8,200. Kisha kuna madeni. Dereva anawaachia watu wa maduka mkate kwa mkopo ili amalize mzigo, na kila siku 2,500 hazirudi. Anabaki na 5,700.

Soma tena hiyo. Na watu sita, mikate 720, alibaki na 9,000. Na watu 19, mikate 1,800, bekari mbili na gari, anabaki na 5,700. Na bado hatujahesabu mkopo wa oveni ya pili.

Huu ndio mzigo wa ukubwa. Kila mkate uliouzwa sasa unamgharimu kama shilingi 51, zaidi hata ya ile 50 aliyoanza nayo. Ukichora gharama ya mkate mmoja kwenye karatasi, inashuka, inafika chini, kisha inapanda tena, kama bonde. Yeye alikuwa amekaa chini kabisa ya bonde akapanda upande wa pili akidhani bado anashuka.

Kwa nini gharama hupanda tena

Wengi wakifika hapa husema shida ni wafanyakazi wezi. Wizi upo, hatukatai. Lakini hata ungeajiri malaika 19, kuna kitu kingebadilika, nacho ni njia za habari.

Watu wanne wakifanya kazi pamoja, kuna jozi sita za watu wanaohitaji kuelewana. Watu sita, jozi 15. Watu 19, jozi 171. Kanuni yake ni rahisi: zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyo ukitoa mmoja, kisha gawanya kwa mbili. Watu wameongezeka mara tatu, mahali pa kutoelewana pameongezeka zaidi ya mara kumi na moja. Ndiyo maana unaweka wasimamizi, ili wale 19 wasilazimike kuongea wote kwa wote. Lakini msimamizi hulipwa, na kila habari inayopita kwake inachelewa kidogo na kupungua kidogo. Habari ya Gachororo haikufichwa na mtu. Ilipitia mikono mitatu tu.

Mwanauchumi Ronald Coase aliuliza swali hili mapema, katika makala yake maarufu ya 1937. Kama kufanya mambo ndani ya kampuni moja ni nafuu, kwa nini basi nchi nzima isiwe kampuni moja? Sehemu ya jibu lake ni kwamba kadiri msimamizi anavyoongezewa mambo ya kuamua, ndivyo anavyozidi kukosea. Pana mahali ambapo kuongeza kazi moja zaidi ndani ya kampuni kunagharimu zaidi ya kumwachia mtu mwingine nje aifanye.

Sababu ya pili ni umbali kati ya mtu na matokeo ya kazi yake. Chukua mwokaji anayekata donge la unga uliokandwa. Mkate hupoteza kama sehemu moja ya nane ya uzito wake ukiwa ovenini, maji yanapoondoka. Ili utoke na gramu 400, donge linafaa kuwa kama gramu 455. Mdosi akiwa pale na mizani, donge ni 455. Akiwa Thika na mizani imeharibika, mwokaji anakata kwa mkono, na kwa kuogopa mkate kuwa mwepesi, jambo ambalo lingeleta ngori na maafisa wa vipimo, anakata 475. Gramu 20 si kitu machoni. Kwa mikate 1,800 ni kilo 36 za unga uliokandwa kila siku, karibu mikate 80. Hakuna aliyeiba. Hatukuiweka hata kwenye hesabu ya juu, kwa sababu kwenye biashara nyingi hakuna anayeiona.

Usidhani ni shida ya wadogo tu

Kama unafikiri hii ni shida ya bekari za mtaa, kumbuka Nakumatt. Ilianza Nakuru kama biashara ya magodoro, ikawa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, ikavuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Tanzania, matawi zaidi ya 60. Nafuu yake ya ukubwa ilikuwa ya kweli. Mnunuzi mwenye matawi 60 hupangiwa bei nzuri, na wasambazaji humkubalia kulipa baadaye. Kila tawi jipya lilijazwa mali ambayo bado haijalipiwa.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Ukilipa wasambazaji baada ya kuuza, tawi jipya huleta pesa taslimu mapema hata kama lenyewe linapata hasara. Kwa muda, kufungua matawi kunaonekana kama dawa ya upungufu wa pesa. Lakini ili hilo lifanye kazi ni lazima ujue, kwa kila tawi, nini kimeingia, nini kimeuzwa na nini kimepotea. Madeni yalifika zaidi ya shilingi bilioni 30. Mwaka 2017 wasambazaji walikuwa wameacha kuleta mali, na wengi wenu mnakumbuka rafu tupu zilizopangwa chupa za maji safu moja ili zionekane zimejaa. Pale TRM, kwenye barabara yetu hii, Nakumatt iliondoka na Carrefour ikaingia. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Matawi sita yaliyobaki yalichukuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422.

Tuwe waadilifu hapa. Ukubwa peke yake haukuiua Nakumatt; madeni na jinsi yalivyosimamiwa yana sehemu kubwa. Na Naivas, iliyoanza Rongai kule Nakuru 1990 kama duka la kujihudumia, leo ina matawi zaidi ya 100. Bonde la gharama halina kina kimoja kwa kila mtu. Anayejenga njia za kujua kinachoendelea kabla ya kuongeza matawi husogeza chini ya bonde mbele. Anayeongeza matawi kwanza, akitarajia njia hizo zijijenge zenyewe baadaye, ndiye anayeumia.

Sasa dada yetu afanye nini?

Makosa yake si kwamba alitaka kukua. Alikosea kwa kukuza vitu vyote pamoja, wakati si vyote vinavyonufaika na ukubwa. Jiulize kuhusu kila sehemu ya biashara yako: hii ni kama oveni au ni kama simu ya jioni kwa mama wa kioski? Oveni hupenda ukubwa. Simu ya jioni huuchukia.

Tuseme angefanya hivi. Oveni inabaki moja, Ruiru, lakini inafanya zamu mbili. Haipoi, kwa hivyo ile gharama ya kuipasha inalipwa mara moja tu. Anaoka mifuko saba, mikate 1,260. Moto ni 2,800, kodi ile ile 1,000, watu kumi pamoja naye na msimamizi mmoja wa usiku ni 9,500, gari 3,500. Jumla 16,800. Mkate wa Thika unaokwa Ruiru usiku, gari linapanda superhighway kabla ya alfajiri, na Ruiru hadi Thika si safari ya kuogopa saa hiyo.

Upande wa kuuza anaugawa vipande vidogo. Kijana wa njia ya Juja ana maduka yake, daftari lake, na yeye ndiye anayeamua kesho achukue mikate mingapi. Hahitaji ruhusa ya mtu. Malipo yake yanapanda akiuza na yanashuka mikate ikirudi. Hakuna mkopo dukani: M-Pesa kwanza, mkate baadaye. Anajua wanafunzi wanafunga lini kwa sababu anaishi nao, na akijua, anapunguza oda jioni hiyo hiyo. Habari haipiti mikono mitatu.

Mikate inayorudi ikishuka hadi mitatu kwa kila mia, anapoteza 38 kwa siku. Anauza 1,222 kwa 55, kama 67,200. Gharama yote, kwa viungo vya shilingi 29, ni kama 53,300. Anabaki na karibu 13,900. Mikate ni michache kuliko ile 1,800, jina haliko kwenye jengo la Makongeni, lakini faida ni zaidi ya mara mbili.

Mpango huu una mipaka yake. Oveni moja ikiharibika, Thika na Ruiru zote zinalala njaa. Zamu ya usiku inahitaji usafiri wa wafanyakazi na mtu wa kuaminika. Na akifika mikate ambayo oveni moja haiwezi kabisa, swali la oveni ya pili litarudi. Lakini litarudi akiwa na nambari mkononi.

Nambari nne za kuandika kila Jumapili

Utajuaje uko upande gani wa bonde? Huhitaji mhasibu wa Westlands. Andika nambari nne, kila wiki, kwenye daftari moja.

Ya kwanza ni gharama ya kila kitu ulichouza. Angalia neno hilo: ulichouza, siyo ulichotengeneza. Dada yetu aliona mkate wa 46 akafurahi, kumbe ulikuwa 51. Nambari hiyo ikipanda wiki nne mfululizo huku mauzo yakiongezeka, umevuka chini ya bonde. Acha kupanua hadi ujue kwa nini.

Ya pili ni kiasi kinachotoka kwa kila mfuko wa malighafi. Kwa bekari ni mikate kwa mfuko. Kwa fundi wa sare za shule ni sare kwa roli ya kitambaa. Kwa muuza chipo ni sahani kwa gunia la viazi. Ilikuwa 180, leo ni 172? Mahali fulani kuna mizani mbovu, mkono mzito au mfuko wa mtu umejaa.

Ya tatu ni vinavyorudi, vinavyooza au vinavyobaki. Hii ndiyo hupanda mapema kuliko zote, kwa sababu inapima kama habari ya soko inakufikia kwa wakati.

Ya nne watu huisahau. Hesabu ni mara ngapi kazi ilisimama wiki hii ikisubiri wewe uamue. Hamira imeisha, wanasubiri uchukue simu. Tairi limetoboka, dereva anasubiri umtumie pesa. Kila mojawapo ni oveni inayowaka bila mkate ndani. Dawa yake ni kumpa msimamizi kiwango. Chini ya shilingi 3,000 aamue mwenyewe, aandike, umwulize Jumapili. Atakosea mara moja moja, na kosa la 3,000 ni rahisi kuliko asubuhi nzima ya watu 19 waliokaa.

Tunajua kishawishi kilivyo. Mtaani mtu huheshimiwa kwa idadi ya matawi, na hakuna anayekupigia makofi kwa sababu mikate yako inayorudi imeshuka hadi mitatu kwa mia. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na kwa lugha ya biashara maana yake ni kwamba mkono wa pili una gharama. Kabla ya kukodi ile nafasi ya Makongeni, kaa chini na daftari. Kama gharama ya kila unachouza bado inashuka, ongeza. Kama imeanza kupanda, tawi la pili halitaishusha. Litakupa tu watu wengi zaidi wa kuwauliza kwa nini.